Kauli ya Ufalme: Raja Yoga katika Unajimu wa Kihindi na Mipaka ya Ahadi Yake

Ikisiri

Vitabu vya unajimu wa Kihindi vina kauli nyingi zisemazo kwamba mtu aliyezaliwa chini ya mpangilio fulani wa sayari ni mfalme. Mipangilio hiyo huitwa raja yoga. Makala haya yanaeleza jinsi mipangilio hiyo inavyoundwa, yanakadiria ni watu wangapi huangukia ndani yake, kisha yanaifuata katika ramani ya kuzaliwa ya Jawaharlal Nehru ili kuonesha mahali ambapo kauli ya ahadi hushikilia na mahali inapoteleza.

Utangulizi

Neno yoga katika lugha ya Kisanskriti linatokana na mzizi wenye maana ya kuunga au kufunga pamoja, kama ng'ombe wawili wafungwavyo nira moja. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea neno hilo kwa maana ya mazoezi ya viungo na pumzi hana budi kuiweka maana hiyo kando. Katika unajimu, yoga ni muungano wa sayari mbili au zaidi unaosadikiwa kuzaa matokeo yasiyozaliwa na sayari moja peke yake. Raja ni mfalme. Raja yoga, basi, ni muungano wa kifalme, na ndiyo istilahi inayotafutwa kwa hamu kuliko nyingine zote pale mzazi anapompelekea mnajimu saa ya kuzaliwa ya mwanawe.

Hamu hiyo ina gharama zake. Kijana aliyeambiwa kwamba ana raja yoga tatu anaweza kukataa kazi ndogo akingoja kiti kikubwa, na binti aliyeambiwa kwamba hana hata moja anaweza kuachwa katika mazungumzo ya posa. Kwa hiyo swali la makala haya linagusa maisha ya watu: kauli ya vitabu inaahidi nini hasa, na inamwahidi nani?

Jinsi muungano unavyoundwa

Ramani ya kuzaliwa, ambayo Wahindi huiita kundali, imegawanywa katika nyumba 12. Nyumba ya kwanza ni ile ya buruji iliyokuwa ikichomoza upande wa mashariki wakati mtoto alipozaliwa. Buruji hiyo huitwa lagna. Kwa kuwa anga lote huonekana kuizunguka dunia kwa siku moja, kila buruji huchukua takriban saa mbili kuchomoza. Majina ya buruji yatakayotumika humu ni yale yaliyozoeleka katika elimu ya falaki ya pwani: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani na kuendelea hadi Hutu. Kila buruji ina sayari inayoimiliki, na sayari hiyo huwa bwana wa nyumba ambamo buruji hiyo imeangukia.

Nyumba ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10 huitwa kendra. Hizo ni nguzo za ramani, na zinahusishwa na mambo yanayoonekana: mwili, makazi, ndoa na kazi. Nyumba ya 1, ya 5 na ya 9 huitwa trikona, na zinahusishwa na heri, akili na thawabu. Katika mapokeo yanayonasibishwa na mwenye hekima Parashara, raja yoga hupatikana pale bwana wa kendra anapoungana na bwana wa trikona. Hoja iliyo nyuma yake ni rahisi kuielewa: nguvu ya kutenda imekutana na bahati ya kutendea.

Muungano huo hutokea kwa njia tatu kuu. Sayari hizo mbili zinaweza kukaa katika nyumba moja, zinaweza kutazamana, au zinaweza kubadilishana makazi, kila moja ikikaa katika buruji ya mwenzake. Tuchukue mtu ambaye lagna yake ni Saratani. Mabwana wa kendra zake, ukiiacha lagna yenyewe, ni Zuhura kwa nyumba ya 4, Zohali kwa nyumba ya 7 na Mirihi kwa nyumba ya 10. Mabwana wa trikona zake ni Mirihi tena, kwa nyumba ya 5, na Mushtari kwa nyumba ya 9. Hivyo mtu huyu ana jozi tano za kutarajia: Zuhura na Mirihi, Zuhura na Mushtari, Zohali na Mirihi, Zohali na Mushtari, Mirihi na Mushtari. Kila jozi ina njia tatu za kuungana. Ukimwongeza Mwezi, ambaye ni bwana wa lagna na kwa hiyo anahesabiwa pande zote mbili, milango inazidi kuwa mingi.

Mirihi katika mfano huu imetajwa mara mbili. Inamiliki kendra moja na trikona moja kwa wakati mmoja, na kwa sababu hiyo inaitwa yogakaraka, yaani mtenda muungano, haihitaji mwenzake. Lagna sita kati ya 12 zina sayari ya namna hiyo: Mirihi kwa Saratani na Asadi, Zohali kwa Thauri na Mizani, Zuhura kwa Jadi na Dalu. Kwa maneno mengine, takriban nusu ya wanadamu wanazaliwa wakiwa na sayari ambayo kwa umiliki wake tu imekwisha kuitwa ya kifalme.

Wafalme ni wangapi?

Hesabu hiyo ya mwisho inatosha kumfanya msomaji asite, lakini iko iliyo wazi zaidi. Muungano uitwao gajakesari, wa tembo na simba, hutajwa mara kwa mara pamoja na raja yoga katika vitabu vya kisasa, na mwenye nao huelezwa kuwa mtu wa heshima na wa jina litakalodumu. Sharti lake la msingi ni kwamba Mushtari iwe katika kendra ikihesabiwa kutoka alipo Mwezi. Kendra ni nne na nyumba ni 12. Kwa kuwa Mwezi huizunguka mbingu yote kwa siku 27 na ushei, huku Mushtari ikikaa karibu mwaka mzima katika buruji moja, sharti hilo hutimia kwa theluthi moja ya watoto wote wanaozaliwa, kila mwezi, kila mwaka, kila nchi.

Mtetezi wa fani atajibu kwamba gajakesari ni muungano mwepesi na kwamba wenye uzito ni adimu. Basi na tuchukue ulio mzito: lagna Saratani, na Mirihi, yogakaraka wake, imekaa katika Hamali, makazi yake yenyewe, ndani ya nyumba ya 10 ya kazi na mamlaka. Ni vigumu kumpata mnajimu asiyeisifu ramani hiyo. Mirihi hurudi Hamali kila baada ya miaka miwili hivi na kwa kawaida hukaa humo takriban siku 45. Katika kila siku kati ya hizo, kwa saa mbili hivi, Saratani inachomoza mahali fulani, na kila mtoto azaliwaye hapo katika muda huo anapata muungano huo. Duniani huzaliwa watoto karibu milioni 130 kwa mwaka, yaani zaidi ya 350,000 kwa siku. Sehemu moja ya 12 ya hao ni kama 30,000. Ukizidisha kwa siku 45 unapata zaidi ya watoto milioni moja katika msimu mmoja tu wa Mirihi. Hakuna dunia yenye viti vya enzi milioni moja.

Hesabu hii haithibitishi kwamba muungano hauna athari yoyote. Inachothibitisha ni kwamba hauwezi, peke yake, kuwa tofauti kati ya mtawala na mtawaliwa.

Kauli na nyakati zake

Jambo hili halikuwapita waandishi wa kale. Varahamihira, aliyeandika Brihat Jataka katika karne ya 6, ana sura nzima kuhusu raja yoga, na humo anafanya mgawanyo ambao wafasiri wengi wa kisasa huupita upesi. Miungano mingine, anasema, huwainua hata waliozaliwa katika koo duni. Mingine huwafanya wafalme wale tu waliozaliwa katika nasaba ya kifalme, na wengine wanaoizaliwa huishia kuwa watu wa mali au wa hadhi inayokaribia ya mfalme. Maana yake ni kwamba nyota zilezile humpa mwana wa mfalme ufalme na humpa mwana wa mfanyabiashara duka kubwa zaidi. Wanajimu wa baadaye waliiweka kanuni hiyo katika maneno matatu, desha, kala na patra: mahali, wakati na chombo. Chombo hapa ni mtu mwenyewe pamoja na ukoo wake, elimu yake na hali yake. Mvua ni moja, lakini kata haijai kama pipa.

Kwa mtafiti wa lugha, hapa ndipo penye kiini. Kitenzi kinachofunga kauli nyingi za aina hii katika Kisanskriti ni bhavet, na umbo hilo si la wakati ujao. Ni umbo la hali ya kutakikana au kuwezekana, linalotumika sana katika vitabu vya kanuni: ikiwa hivi, basi na iwe vile, au inatazamiwa iwe vile. Kisanskriti kina umbo lake la wakati ujao, na mwandishi aliyetaka kutabiri moja kwa moja angeweza kulitumia. Kauli hiyo inapofasiriwa kwa Kiswahili kuwa "atakuwa mfalme", kiambishi -ta- kinaongeza uhakika ambao haumo katika asili. "Huwa mfalme" inakaribia, kwa kuwa hu- ni ya mazoea na inavumilia mapengo. Hata hivyo inadai kwamba jambo limekwisha kuonekana mara nyingi. "Aweza kuwa mfalme" ni dhaifu mno, maana hata asiye na muungano wowote aweza. Pengine iliyo karibu kuliko zote ni "ni wa kuwa mfalme", msemo ambao katika Kiswahili unabeba stahili bila kubeba tarehe. Mteja anayelipa ili aambiwe habari za mwanawe, bila shaka, hapendi kuambiwa stahili. Anataka -ta-.

Ramani moja: Nehru

Ili kuona jinsi kauli inavyofanya kazi juu ya maisha halisi, inafaa kuchukua ramani ambayo wanajimu wa India wameijadili sana. Jawaharlal Nehru alizaliwa Allahabad tarehe 14 Novemba 1889, usiku, na saa inayotumiwa zaidi katika mijadala hiyo ni kama saa tano usiku au baadaye kidogo. Lagna ni Saratani, sehemu yake ya mwisho. Mwezi upo humo humo. Zohali iko Asadi, Mirihi iko Sumbula, Zuhura na Utaridi ziko Mizani, Jua ndiyo kwanza limeingia Akrabu, na Mushtari iko Kausi.

Anayetafuta ufalme katika ramani hii ataupata. Mwezi, bwana wa lagna, amekaa nyumbani kwake. Zuhura iko katika buruji yake yenyewe ndani ya kendra ya 4, na hilo ni miongoni mwa miungano mitano ya watu wakuu. Mirihi, yogakaraka, inaitazama nyumba ya 10 ambayo ni yake, na inaitazama pia Mushtari, bwana wa nyumba ya 9.

Anayetafuta sababu za kuukana ufalme huo hatakosa pia. Mirihi haikukaa katika kendra wala trikona. Iko nyumba ya 3. Mushtari iko nyumba ya 6, nyumba ya maadui na maradhi. Mirihi inaitazama Mushtari, lakini Mushtari haiitazami Mirihi, na kanuni kali hudai kutazamana kwa pande zote mbili. Na ule muungano wa gajakesari, ambao theluthi ya wanadamu wanao, Nehru hana: kutoka kwa Mwezi hadi Mushtari ni nyumba ya 6. Lau mtoto huyu angefia utotoni au angebaki wakili wa kawaida wa Allahabad kama wenzake, ramani ingekuwa na maelezo tayari.

Linabaki suala la wakati. Muungano, wanasema wanajimu, hulala mpaka kipindi cha sayari yake kifike. Vipindi hivyo huitwa dasha, na katika mfumo unaotumika zaidi vinajaza miaka 120: Mirihi ina miaka 7, Zuhura 20, Mwezi 10 na kadhalika. Mahali pa kuanzia hutegemea Mwezi ulikuwa umefika wapi katika manzili yake wakati wa kuzaliwa. Mwezi wa Nehru ulikuwa katika manzili ya Ashlesha, kwa hiyo alianza na mabaki ya kipindi cha Utaridi, akafuata Ketu, Zuhura, Jua, Mwezi, kisha Mirihi.

Kipindi cha Mirihi yake kilianza lini? Jibu linategemea ayanamsha, yaani tofauti ya nyuzi kati ya buruji zinazopimwa kwa misimu na zile zinazopimwa kwa nyota zenyewe. Wanajimu wa India hawakubaliani juu ya tofauti hiyo. Kwa kipimo cha B. V. Raman, mnajimu wa Bangalore aliyesomwa sana katika karne ya 20, kipindi cha Mirihi kinaanza mwaka 1946. Nehru aliingia kuongoza serikali ya mpito Septemba 1946 na akawa waziri mkuu wa India huru tarehe 15 Agosti 1947. Ulinganifu ni wa kupendeza. Kwa kipimo cha Lahiri, ambacho kamati ya marekebisho ya kalenda iliyoundwa na serikali ya Nehru mwenyewe ilikipendekeza mwaka 1955, kipindi hichohicho kinaanza mwaka 1948, Nehru akiwa tayari madarakani. Tofauti kati ya vipimo hivi viwili haifikii nyuzi moja na nusu, lakini katika kipindi cha maisha ni karibu miaka miwili.

Anayefuata Lahiri hatababaika. Atasema kwamba uhuru ulikuja katika kipindi cha Mwezi, na kwani Mwezi si bwana wa lagna aliyekaa nyumbani kwake? Ni kweli. Lakini katika kipindi hichohicho cha Mwezi, na hapa vipimo vyote viwili vinakubaliana, Nehru alifungwa katika kifungo chake kirefu kuliko vyote, kuanzia Agosti 1942 hadi Juni 1945, muda mwingi akiwa katika ngome ya Ahmednagar. Sayari ileile, mahali palepale, kipindi kilekile: gereza na kiti. Ikiwa maelezo yanakubali yote mawili, hayawezi kusemwa kuwa yaliahidi mojawapo.

Kuna kasoro nyingine ambayo haionekani kirahisi. Kwa kuwa lagna iko karibu na mwisho wa Saratani, kosa la nusu saa hivi katika kumbukumbu ya kuzaliwa lingeihamishia Asadi. Nyumba zote 12 zingebadilika, na Zuhura ingetoka katika kendra na kupoteza muungano wake wa watu wakuu. Mirihi, hata hivyo, ingebaki yogakaraka, kwa kuwa ni yogakaraka wa Asadi pia. Ufalme ungesalimika kwa mlango mwingine. Mnajimu ataona hapo uthibitisho. Mtafiti ataona kwamba nyavu zina matundu madogo kiasi kwamba hakuna samaki anayepita.

Pale ramani zilipofichwa majina

Udhaifu wa mfano kama wa Nehru ni kwamba msomaji anajua mwisho wa hadithi kabla ya kuifungua ramani. Jaribio linalofaa ni lile ambalo mwisho umefichwa. Mwaka 2008 mwanafizikia wa anga Jayant Narlikar na wenzake waliendesha jaribio la namna hiyo katika mji wa Pune. Walikusanya ramani 200: nusu za wanafunzi waliong'ara shuleni, nusu za watoto wenye ulemavu wa akili. Wanajimu waliojitolea walipewa ramani 40 kila mmoja, bila majina, wakaombwa waseme kila moja ni ya kundi gani. Wanajimu 27 walirudisha majibu. Kwa wastani walipatia asilimia 46. Anayerusha sarafu angetarajia 50. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009 katika jarida la Current Science.

Mtu anaweza kupinga, na pingamizi hilo lina haki, kwamba akili darasani si ufalme, na kwamba raja yoga haikuwekwa mezani moja kwa moja. Jaribio linaloigusa lingehitaji mambo matatu: saa za kuzaliwa zilizoandikwa papo hapo na si kukumbukwa baadaye na jamaa wa mtu aliyekwisha kuwa maarufu, orodha ya miungano inayohesabika, pamoja na ayanamsha moja, iliyofungwa kabla ya ramani kufunguliwa, na kundi la pili la watu waliozaliwa mwaka huohuo katika mji huohuo, wa koo zinazofanana, ambao hawakupanda cheo. Sharti la tatu ndilo gumu. Wasifu wa mawaziri wakuu huhifadhiwa pamoja na saa zao za kuzaliwa. Wale wengine waliozaliwa Allahabad usiku uleule, Saratani ikichomoza na Zuhura ikiwa nyumbani kwake Mizani, hakuna aliyewaandika.